Barua Mbili Mezani: Ajira ya Halmashauri na Mkataba wa Kampuni Ufipa



Nimeombwa nizungumzie uchaguzi ambao kila mwaka unagombanisha nyumba nyingi hapa Sumbawanga: mtoto amemaliza shahada, ana nafasi serikalini, na kampuni nayo inamtaka kwa mshahara mkubwa zaidi. Nitachukua mfano mmoja niende nao hadi mwisho, kwa sababu nimeona mazungumzo haya yakiharibika kila yanapofanywa kwa jumla. Baba anasema serikali ndiyo serikali. Kijana anasema mshahara ni mdogo. Wote wawili wanaondoka mezani bila mtu kushika kalamu.

Mfano wangu ni binti wa kubuni, mhitimu wa kilimo kutoka Sokoine, Morogoro. Kwao ni Laela, wazazi wakulima, na amesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Mwezi Septemba anakuta ana barua mbili. Ya kwanza imetoka Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma: aliomba kupitia Ajira Portal, akafanya usaili wa mchujo, akafanya wa mahojiano, kisha jina lake likawekwa kanzidata, yaani miongoni mwa waliofaulu lakini nafasi zikawa hazitoshi. Sasa nafasi imepatikana, amepangiwa Halmashauri ya Wilaya ya Kalambo kama Afisa Kilimo Daraja la II. Barua ya pili ni ya kampuni ya pembejeo inayomtaka auze mbolea, mbegu na viuatilifu akiwa na makao hapa mjini na kuzunguka Rukwa na Katavi.

Mishahara ya barua hizo mbili tuiweke kwa tarakimu za kukadiria ili tuweze kuhesabu pamoja. Halmashauri: shilingi 800,000 kwa mwezi. Kampuni: shilingi 1,200,000. Tofauti ni 400,000, na hiyo ndiyo namba itakayotajwa jikoni, kanisani na kwenye simu ya shangazi aliyeko Mbeya. Kwa mtu anayeanza maisha ni fedha nyingi. Kwa hiyo tuanze nayo.

Kwa mtumishi wa halmashauri, kwanza hukatwa asilimia 5 ya mshahara kwenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Hiyo ni 40,000. Kinachobaki, 760,000, ndicho kinachokatwa kodi ya mapato, ile inayosomeka PAYE kwenye hati ya mshahara. Shilingi 270,000 za mwanzo hazina kodi, zinazofuata hadi 520,000 zinatozwa asilimia 8, na kutoka hapo hadi 760,000 ni asilimia 20. Jumla ya kodi ni 68,000. Bima ya afya ya NHIF ni asilimia 3, yaani 24,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000. Kinachoingia mkononi ni 548,000.

Upande wa kampuni, mfuko ni NSSF na mfanyakazi hukatwa asilimia 10, yaani 120,000. Kinachobaki ni 1,080,000, na hapa kodi inapanda: kuanzia 760,000 hadi milioni moja ni asilimia 25, na kila shilingi iliyozidi milioni inatozwa asilimia 30. Kodi yake inafika 152,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia ile ile 15, ambayo sasa ni 180,000. Tuseme kampuni inamlipia bima yeye peke yake bila kumkata. Mkononi anabaki na 748,000.

Tofauti ya 400,000 iliyokuwa kwenye barua imekuwa 200,000 mfukoni.

Sisemi kwamba nusu ya pili imepotea yote. Shilingi 84,000 zimekwenda kwa kodi, hizo hazirudi. Lakini 80,000 ni akiba yake mwenyewe NSSF, na 60,000 ni deni lake linalopungua, huku ile 24,000 ya NHIF ikiwa haikatwi kwa kampuni. Kama anadaiwa milioni 9, kwa makato ya halmashauri atamaliza kwa miezi 75 na kwa makato ya kampuni miezi 50. Kijana anayechagua kampuni akiijua hesabu hii amechagua kwa akili. Anayenihuzunisha ni yule aliyekwisha kupanga chumba cha bei, akanunua sofa kwa mkopo kwa kuitegemea ile 1,200,000, kisha mwisho wa mwezi wa kwanza anasimama mbele ya mashine ya benki anadhani wamemwibia.

Sasa neno ambalo wazazi hulitanguliza: pensheni. Nimelisikia Namanyere, nimelisikia Matai, kwamba mtoto aende serikalini kwa sababu huko kuna pensheni. Anayeajiriwa na kampuni naye yumo kwenye mfuko wa pensheni kwa mujibu wa sheria. Mifuko yote miwili inapokea jumla ya asilimia 20 ya mshahara. Tofauti ni mgawanyo. Serikalini mwajiri analipa 15 na mtumishi 5, kwenye kampuni kwa kawaida ni 10 kwa 10. Yote miwili inadai michango ya miezi 180, yaani miaka 15, ndipo mtu apate pensheni ya kila mwezi. Katika mfano wetu, binti akiwa halmashauri kwenye mfuko wake wa uzeeni zinaingia 160,000 kwa mwezi. Akiwa kampuni zinaingia 240,000. Na nyote mnakumbuka purukushani ya kikokotoo: kanuni za 2018 zilizotaka mkupuo uwe asilimia 25, malalamiko, zikasitishwa, mwaka 2022 ikaja asilimia 33, na mwaka 2024 serikali ikapandisha tena. Ahadi ya uzeeni ya mtu wa miaka 25 leo itapita mikononi mwa mabunge mengi kabla hajastaafu.

Kwa hiyo kwa upande wa pensheni swali la kuuliza ni moja tu: je, hiyo miezi 180 itatimia, na je, mwajiri anapeleka michango? Serikalini miezi hujipanga yenyewe mtu akiwa kazini. Kwenye kampuni kuna waajiri waaminifu sana, na kuna wanaokata kwenye mshahara na fedha isifike. Njia ya kujua ni rahisi. Usingoje hadi uache kazi. Baada ya mshahara wa pili, fungua taarifa yako ya NSSF kwa simu, au nenda ofisini kwao hapa Sumbawanga na namba yako ya uanachama, uangalie kama mwezi wa kwanza umesomeka. Ukisomeka kwa kiasi kidogo kuliko ulichokatwa, uliza kwa maandishi. Usiposomeka kabisa kwa miezi mitatu, umeshajua umeajiriwa na nani.

Bima ya afya nayo tuiangalie kwa dakika moja, maana kwa familia za huku huwa nzito kuliko pensheni. Kadi ya NHIF ya mtumishi wa umma inamhudumia yeye, mwenzi wake na wategemezi wanne, na wategemezi hao wanaweza kuwa wazazi wake. Binti ambaye hajaolewa ataandikisha baba na mama wa Laela. Kampuni inayomlipia yeye peke yake imemwachia wazazi. Mama akilazwa hospitali ya mkoa mara moja, akapelekwa Mbeya kwa kipimo, ile ziada ya miezi kadhaa imekwisha. Kampuni nyingine zinaandikisha familia nzima. Hilo linaulizwa kabla ya kutia saini, na jibu linaandikwa ndani ya mkataba.

Nimefika kwenye jambo ninalotaka mlichukue zaidi ya mengine yote. Barua ya halmashauri ina maneno haya: masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni. Yatafuteni kwa kidole. Siku hizi hata serikalini kuna ajira za mkataba, za mradi wa mwaka mmoja au miwili, na mtu anasherehekea "ajira ya serikali" bila kuona kwamba ana mkataba wenye mwisho kama wa kampuni. Binti wetu ameyaona maneno hayo. Barua ya kampuni inasema mkataba ni wa mwaka mmoja, kuanzia Oktoba, unaoweza kuhuishwa.

Sasa tupige hesabu. Ziada ya mkononi ni 200,000 kwa mwezi. Kwa miezi 12 ni 2,400,000. Hicho ndicho kiasi ambacho kampuni imeweka mezani ili binti aiache nafasi ya Kalambo. Tuseme mkataba unaisha na hauhuishwi. Angekuwa halmashauri, kila mwezi angepokea 548,000. Ukigawanya 2,400,000 kwa 548,000 unapata miezi minne na siku kumi na moja hivi. Akikaa bila kazi muda unaozidi huo, mwaka wake wa kampuni umemlipa pungufu ya halmashauri. Mtu atasema sikuhesabu akiba ya NSSF na deni la Bodi. Nimezihesabu: ukiziingiza pande zote mbili, mpaka unasogea hadi karibu miezi mitano. Haubadilishi mambo.

Je, mhitimu wa kilimo aliyekosa kazi Rukwa hukaa nyumbani muda gani? Wazazi mlioko hapa mnao hao vijana majumbani mwenu, jijibuni wenyewe. Na ule msaada wa NSSF, fao la kukosa ajira, unadai mtu awe amechangia angalau miezi 18. Mkataba wa mwaka mmoja haufiki hapo. Mkataba ungekuwa wa miaka miwili, ziada ingekuwa milioni 4.8, angeweza kuvumilia karibu miezi tisa, na fao la kukosa ajira lingekuwa ndani ya uwezo wake. Kwa hiyo urefu wa mkataba una thamani ya fedha inayohesabika, na binti ana haki ya kuomba urefushwe kama vile anavyoomba mshahara upandishwe. Vijana wengi hujadiliana na kampuni juu ya mshahara tu. Mimi ningeanza na tarehe ya mwisho.

Kisha tufungue ukurasa wa pili wa mkataba huo huo. Mara nyingi pale ndipo mtu anagundua kwamba 1,200,000 ni jumla ya vitu viwili: mshahara wa msingi 900,000, na kamisheni ya 300,000 "baada ya kufikia malengo ya mauzo". Mwezi ambao hakufikia, hesabu ni hii: NSSF 90,000, kodi 80,500, Bodi 135,000, mkononi 594,500. Amemzidi mwenzake wa halmashauri kwa shilingi 46,500, bila kadi ya wazazi.

Na malengo ya mauzo Ufipa yana majira yake. Mnajua wenyewe kalenda ya nyanda zetu. Mvua zinaanza Novemba, mbolea ya kupandia inanunuliwa Oktoba hadi Desemba, ya kukuzia inafuata Januari na pengine Februari. Machi mkulima wa Mpui anasubiri maharage. Mei hadi Julai anavuna mahindi na kutafuta pa kuyauzia. Ofisa mauzo wa pembejeo ana miezi mitano ya kukimbia na miezi saba ya kukusanya madeni. Tuseme anafikia malengo miezi hiyo mitano yote: atapata ziada ya 1,000,000, na kwa miezi saba iliyobaki 325,500. Jumla ya mwaka ni 1,325,500. Ile miezi minne na ushee ya uvumilivu imekuwa miwili na nusu hivi.

Tena mkulima hanunui mbolea kwa fedha ya Oktoba. Ananunua kwa fedha ya mahindi ya Julai. Mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi ghafi kuuzwa nje ya nchi, bei ilishuka sana katika mikoa hii inayozalisha ziada, na sisi hapa tuko jirani na Zambia, lori la mahindi lina njia ya Kasesya na njia ya Tunduma. Mzuio uliondolewa baadaye, lakini msimu hausubiri. Mwaka kama huo ofisa mauzo anaweza kuwa hodari kuliko wote na bado asifikie malengo, kwa sababu mteja wake ana stoo imejaa mahindi na mfuko mtupu. Mwaka 2022 ilikuja ruzuku ya mbolea, wakulima wakasajiliwa, biashara ikaenda kwa namna nyingine kabisa, mbolea ikauzwa kwa bei elekezi. Kwa mkulima ilikuwa nafuu kubwa. Kwa anayelipwa kamisheni kwa faida ya mfuko mmoja mmoja, hesabu ilibidi ianze upya. Sekta binafsi ya Ufipa, kuanzia duka la pembejeo hadi gari la abiria, kwa sehemu kubwa imesimama juu ya gunia la mahindi. Anayepewa kazi na kampuni hapa ajiulize mwenyewe: bei ya mahindi ikianguka, mshahara wangu unabaki?

Baada ya kusema hayo, nisingetenda haki kama ningewaacha na picha ya serikali isiyotikisika. Wazee mnakumbuka miaka ya 1990, mashirika ya umma yakibinafsishwa na watumishi wakipunguzwa kwa maelfu. Waliokuwa RTC walijiona wana kazi ya maisha. Na kuna jambo la karibu zaidi. Mwaka 2016 serikali ilianza uhakiki wa watumishi, ikasimamisha upandishaji wa madaraja. Aprili 2017 ikatolewa orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Nani angepinga hilo? Lakini waliokuwa na vyeti halali nao walikaa miaka wakiwa daraja lile lile, na nyongeza ya mwaka ikawa hadithi. Mtu aliyeajiriwa 2014 akitarajia kupanda baada ya miaka mitatu alijikuta 2019 bado analipwa kama mgeni. Wakati huo huo, mwaka 2016, makato ya Bodi ya Mikopo yalipanda kutoka asilimia 8 hadi 15. Kazi haikupotea, mshahara ulikuja kila mwezi, na kila mwezi ulinunua kidogo kuliko mwezi uliotangulia. Ongezeko kubwa lilikuja baadaye: kima cha chini cha watumishi wa umma kilipanda 2022 kwa asilimia 23.3, na Mei Mosi ya 2025 ikatangazwa kutoka 370,000 hadi 500,000. Hayo ni maamuzi ya Ikulu na Bunge. Bidii ya afisa kilimo wa Mwimbi haiyaharakishi hata kwa siku moja.

Kuna hatari nyingine ya kazi ya kudumu ambayo naiona kubwa kuliko zote, nayo mtumishi huitengeneza kwa mkono wake. Mara tu anapopata cheki namba na kuthibitishwa kazini, benki zinamfuata. Kwa mtu wa mkataba wa mwaka mmoja benki inakopesha kwa mwaka mmoja. Kwa mtumishi wa kudumu inakopesha kwa miaka mingi, kwa sababu makato yanatoka juu kwa juu kabla mshahara haujamfikia. Sheria inataka asibaki na pungufu ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Kwa mshahara wetu wa 800,000, theluthi ni 266,667. Binti ana makato ya lazima ya 252,000 tayari, kwa hiyo benki inaweza kumkata karibu 281,000 kila mwezi kwa miaka na miaka. Nimewaona watumishi waliochukua mkopo huo mwaka wa pili wa kazi, wakanunua gari dogo lisilopanda mlima wa Lyamba lya Mfipa, kisha wakaingia mikopo ya mtaani, hii inayoitwa kausha damu, ili wafikie mwisho wa mwezi. Mtu wa namna hiyo hawezi kuacha kazi hata akipata nzuri zaidi. Usalama ambao wazazi wake walimtakia umekuwa mali ya benki. Mkopo ule ule ukiwekwa kwenye kiwanja kilichopimwa hapa manispaa, au kwenye ekari za mahindi na alizeti ambazo afisa kilimo anajua kuzilima kuliko mtu yeyote kijijini, ni faida ambayo mwenzake wa kampuni, anayehamishwa Mpanda leo na Songea kesho, hawezi kuipata kirahisi.

Msiwaze pia kwamba mlango wa serikali hufungwa mara moja. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida huweka ukomo wa umri wa miaka 45 kwa asiye mtumishi. Mwenye miaka 25 anayo miaka 20 ya kurudi kuomba. Kinachopotea akiikataa barua ya Kalambo ni nafasi hii, pamoja na foleni aliyokwisha kuipita: tangazo jipya, usaili mpya, ushindani mpya na wahitimu wa miaka yote iliyofuata. Na michango haifutiki mtu akihama. Vipindi vya uchangiaji vya NSSF na PSSSF vinaweza kujumuishwa katika kuhesabu ile miezi 180, ila atunze namba zote mbili za uanachama na taarifa zake.

Ninachowaomba vijana msifanye ni kushika vyote viwili. Mtu anaripoti halmashauri, anakamilisha uhakiki, kisha anarudi kuuza mbolea akitegemea mtendaji wa kata amfunike. Mtumishi wa umma asipoonekana kazini siku tano bila ruhusa anaweza kufunguliwa mashtaka ya utoro na kufukuzwa, na mshahara alioupokea bila kufanya kazi utadaiwa. Tena anaiba kwa mkulima wa kata hiyo, aliyengoja ofisa ugani miaka.

Huyu binti wetu angekuja kwangu, ningemwambia hivi. Rudi kwenye kampuni na maombi matatu kwa maandishi: mkataba uwe wa miaka miwili, mshahara wa msingi uwe 1,200,000 na kamisheni iwe juu ya hapo, bima iwaingize wazazi. Wakikubali yote, ningemshauri aende kampuni bila woga. Ana miaka miwili ya kujifunza biashara ya pembejeo kutoka ndani, deni la Bodi linashuka haraka, miezi 18 ya NSSF inatimia akiwa bado kazini, na umri wa kuomba serikalini bado ni mrefu. Wakikubali mkataba wa miaka miwili tu na kuacha kamisheni ilivyo, ningemwambia achague kwa kuangalia hali ya nyumbani: kama wazazi ni wazima na wadogo zake wameshamaliza shule, aende akajaribu; kama baba ni mgonjwa, aende Kalambo. Wakikataa yote, ni Kalambo, na ningesema hivyo hata kama mshahara wa kampuni ungekuwa 1,400,000, maana mkataba wa mwaka mmoja katika biashara ya msimu ni ajira ya msimu.

Kwa mwenye taaluma nyingine majibu yatabadilika. Mhasibu mwenye CPA au fundi wa mifumo ya kompyuta hakai miezi minne bila kazi, hivyo ile namba ya uvumilivu haimtishi, na kwake ziada ndogo inaweza kutosha. Mwalimu wa masomo yenye wahitimu wengi yuko upande wa pili kabisa: foleni yake ya usaili ni ndefu, na shule binafsi nyingi humlipa pungufu ya serikali. Kila mmoja aweke mshahara wake na miezi yake kwenye hesabu ile ile.

Na akiamua Kalambo, ayafanye haya wiki hii. Barua ya kupangiwa kituo ina muda wa kuripoti. Ukipita, nafasi hupewa mwingine aliyeko kanzidata. Aende na vyeti halisi kuanzia kidato cha nne na kuendelea, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA, majina yafanane kote, na kama kuna herufi inayotofautiana atafute kiapo kabla ya safari, kwa sababu mwajiri atavihakiki kabla ya kumpa barua ya ajira. Ajue anaweza kupangwa Matai penyewe au Kasanga kando ya ziwa. Akiripoti baada ya mishahara ya mwezi kufungwa, atasubiri mwezi unaofuata, pengine zaidi, hadi aingizwe kwenye mfumo. Awe na fedha ya chumba na chakula ya kumfikisha huko, na kila siku aliyofanya kazi aiandike, maana malimbikizo hudaiwa kwa tarehe ya kuripoti iliyogongwa mhuri. Kwa kampuni aandike barua ya kukataa, fupi na ya heshima, kabla hajapanda gari la Matai. Meneja wa kanda atakayeipokea ndiye huenda akamuuzia mbolea ya shamba darasa mwaka ujao.